Ukinzani wa hewa: mchele ndani ya Haisi, magodoro juu ya keria

Muulize mfanyabiashara mwenye Haisi ya mizigo, anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ni mzigo gani unaokula mafuta zaidi: magunia sita ya mchele ya kilo mia mia yaliyopangwa ndani, au magodoro ya kilo 80 yaliyofungwa juu ya keria. Wengi watataja mchele bila kufikiri mara mbili. Kwenye barabara kuu jibu hilo si sahihi, na tofauti yenyewe si ndogo. Sababu inaitwa ukinzani wa hewa.

Neno ukinzani tumelizoea shuleni katika somo la umeme, tulipoambiwa kuwa waya mwembamba una ukinzani mkubwa kuliko mnene. Linatokana na kukinza, yaani kuzuia au kupinga, na ndiyo maana wengine husema upinzani wa hewa bila maana kupotea. Ninaloliepuka ni msuguano wa hewa. Msuguano ni vitu viwili kusuguana, na msomaji anayelishika neno hilo ataanza kufikiria rangi ya bodi na kung'arisha bati. Hewa husugua bodi kweli, lakini kwa gari la umbo la boksi hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni shinikizo: mbele hewa inasongamana na kulisukuma gari nyuma, na nyuma yake inabaki nafasi yenye shinikizo dogo na hewa inayozunguka ovyo, nayo inalivuta gari lirudi. Magodoro yaliyosimama juu ya paa ni tanga lililopandishwa kinyume cha safari.

Ukubwa wa kani hiyo unategemea mambo matatu hasa. La kwanza ni eneo la mbele, yaani upana mara kimo cha kile ambacho hewa inakikuta. La pili ni umbo, kwa kuwa pua ya mviringo hupasua hewa kwa urahisi na ukuta wima haupasui. La tatu, ambalo ndilo baya zaidi, ni mwendo, kwa sababu kani hupanda kwa kipeo cha pili: ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Uzito wa magodoro haumo kabisa katika hesabu hii. Yangekuwa ya hewa tupu, gharama ingekuwa karibu ile ile.

Tuweke namba, tukikubali kuwa ni za kukadiria. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, na injini inayovuta vizuri barabarani hufikisha kwenye magurudumu theluthi moja au pungufu kidogo, tuseme megajuli 10. Hapo tunapata kanuni rahisi ya kukumbuka: kila kani ya nyutoni 100 inayolizuia gari, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 10, hula lita moja hivi kwa kila kilomita 100.

Magodoro yetu yana upana wa mita 1.2 na yameinuka nusu mita juu ya paa, kwa hiyo yameongeza mita ya mraba 0.6 ya ukuta. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa ukuta huo unaleta nyutoni 200 hivi, yaani lita 2 kwa kilomita 100. Haisi ambayo bila mzigo ingetumia lita 10 sasa inatumia 12. Matokeo haya hayako mbali na ya wengine: Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa boksi kubwa la juu ya gari hupunguza umbali kwa kila galoni kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye barabara za mwendo kasi, na kwa asilimia 2 hadi 8 tu mjini.

Mchele unafanya kazi kwa njia nyingine. Kilo 600 zinabonyeza matairi, na tairi linalojikunja na kujikunjua katika kila mzunguko hupoteza nishati kama joto. Huo tunaweza kuuita ukinzani wa kubingirika, na hauongezeki sana kwa mwendo. Kwenye lami nzuri na matairi yenye upepo wa kutosha, kilo 600 zinaongeza nyutoni 70 hivi, yaani lita 0.7 kwa kilomita 100. Yaani magunia mazito sita hayafiki hata nusu ya magodoro mepesi. (Matairi yakiwa laini, namba hiyo inapanda haraka, na dereva anayepakia tani nzima bila kuangalia upepo asiilaumu injini.)

Umbali wa Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Kwa mwendo wa 90 mfululizo magodoro yangekula karibu lita 4 za ziada. Ila hakuna anayekwenda 90 mfululizo katika barabara ile. Kibaha, Mlandizi na Chalinze kuna vibao vya 50, na kwa mwendo huo magodoro hayadai zaidi ya lita 0.6 kwa kilomita 100. Hesabu ya kweli inakaribia lita 3. Tukichukua lita kwa shilingi 3,000 ili kurahisisha, ni shilingi 9,000 kwa safari ya kwenda tu. Mchele nao utadai lita 1.3 kwa safari hiyo, na kwa kuwa Morogoro iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kuupandisha huko kunaongeza theluthi ya lita. Bado haujayafikia magodoro.

Ukiingia Kariakoo mambo yanageuka. Kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa ukinzani wa hewa karibu haupo, lakini kila gari linaposimama na kuondoka upya, injini inalazimika kuusukuma tena uzito wote, kisha breki zinaipoteza kazi hiyo kama joto. Ukisimama mara mbili kwa kila kilomita na kufikia 50 katikati, kilo 600 zinaweza kuongeza lita 2 kwa kilomita 100, pamoja na ile ya matairi. Kwa hiyo anayesambaza bidhaa mjini ashushe uzito asiouhitaji, na wa safari ndefu ashushe kimo cha mzigo. Godoro likilazwa na kushuka hadi robo mita, nusu ya ukuta imekwenda. Turubai likifungwa likiteremka mbele, bila kupigapiga, linasaidia pia.

Keria tupu je? Ya kuchomelea, ya mabomba ya pembe nne, inaweza kula lita 0.4 kwa kilomita 100 kwa mwendo wa 90, hata siku isiyo na mzigo. Kwa gari la mjini sioni sababu ya kuhangaika kufungua nati. Kwa linalokwenda Morogoro kila wiki likirudi tupu, afadhali keria ya kufungua.

Anayetaka kupima mwenyewe ajaze tanki hadi pampu ijikate, asome kilomita, aende safari yake, kisha ajaze tena kwenye pampu ile ile na kugawa lita kwa kilomita. Tofauti ya magodoro itaonekana kwa safari moja au mbili. Ya keria tupu ni ndogo kuliko kosa la pampu kujikata mapema au gari kuegemea upande, kwa hiyo ajumlishe safari kadhaa zenye keria na kadhaa zisizo nayo, kwa mwendo ule ule, kabla ya kuamini jibu.