Hati ya babu Likoni na fleti ya Kilimani: mkopo unapobeba na unapozamisha

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nairobi. Amepata fleti ya vyumba viwili Kilimani, bei yake shilingi milioni 10. Benki iko tayari kumkopesha milioni 8 kwa miaka 20, riba asilimia 14. Yeye ana milioni 2 na ushei. Kilichobaki, akasema, ni jambo dogo tu: benki inataka dhamana ya ziada, basi mjomba nimtolee hati ya kiwanja cha marehemu babu yake pale Likoni.

Mimi nilifanya kazi Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, ofisi ikiwa mjini na malazi yangu Kawangware, baadaye Kileleshwa. Nimewaona wenzangu wakijengeka kwa mikopo, na wengine nimewaona wakirudi nyumbani na sanduku la nguo. Kwa hiyo sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe siku mbili, nikachukua karatasi na kalamu. Hesabu ile naiweka hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayepigiwa simu na mawakala wa nyumba.

Mkopo katika biashara ni kama wenzo, ule mti wa kuinulia jiwe. Mtu mwenye milioni 2 akinunua kitu cha milioni 10, kitu hicho kikipanda bei kwa asilimia 10 amepata milioni moja, yaani nusu ya fedha zake mwenyewe. Hilo ndilo wakala analokuambia. Asilolisema ni kwamba kikishuka kwa asilimia 10, nusu ya fedha zako imekwenda pia, na deni la benki halijapungua hata senti.

Lakini kupanda na kushuka kwa bei si mwanzo wa hesabu. Mwanzo ni hili: kitu chenyewe kinaingiza ngapi kwa mwezi, na deni linataka ngapi?

Fleti ya mpwa wangu inapangishwa kwa shilingi 65,000. Hiyo usiizidishe kwa 12. Kila mwaka ihesabie mwezi mmoja mtupu, maana Kilimani majumba ni mengi na mpangaji ana pa kuhamia. Miezi 11 ni 715,000. Toa ada ya huduma za jengo, yaani mlinzi, lifti, maji na taka, 7,000 kwa mwezi. Toa ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, bila kuangalia umetumia nini. Toa rangi, mabomba na wakala. Mimi nilibaki na kama 520,000 kwa mwaka, au 43,300 kwa mwezi. Kwa nyumba ya milioni 10 hiyo ni asilimia 5.2.

Sasa angalia. Fedha unazikopa kwa asilimia 14, unazitia mahali panapokupa asilimia 5.2. Malipo ya benki kwa mwezi ni karibu 99,500, na katika mwezi wa kwanza zaidi ya 93,000 ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua kwa 6,000 tu. Fleti inatoa 43,300. Pengo la 56,200 litatoka kwenye mshahara wake kila mwezi.

Nikamfanyia hesabu ya miaka mitatu. Atakuwa ametoa milioni 2 za mwanzo, ushuru wa stempu asilimia 4 ambao ni 400,000, wakili na ada za benki tuseme 200,000, na mapengo ya miezi 36 yanayofika milioni 2 na kidogo. Jumla ni milioni 4.62. Deni litakuwa limeshuka hadi karibu milioni 7.73. Fleti ikiwa imepanda asilimia 10 kila mwaka, ataiuza milioni 13.3, alipe benki, na abaki na faida isiyofika milioni moja, kabla ya ushuru na gharama za mauzo. Bei ikikaa palepale, atabaki na milioni 2.27. Nusu ya alichotoa itakuwa imeliwa, na hakuna aliyemwibia. Ili asipate wala asipoteze, bei lazima ipande zaidi ya asilimia 7 kila mwaka. Yeye anafikiri amenunua nyumba ya kupangisha. Kwa kweli ameweka dau kwamba bei zitapanda haraka, na analipa 56,200 kwa mwezi ili dau lake libaki mezani.

Halafu kuna riba yenyewe. Mikopo mingi ya nyumba hapa kwetu riba yake haikufungwa. Soma barua ya mkopo utaona maneno ya kwamba benki inaweza kuibadilisha. Mwaka 2011 nilikuwa Kileleshwa. Mwezi Septemba kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7. Oktoba kikawa 11, Novemba 16.5, na Desemba 18. Wenzangu ofisini waliokuwa na mikopo walipokea barua moja baada ya nyingine. Deni kama hili la milioni 8, riba ikienda asilimia 20, malipo yanakuwa kama 136,000. Kodi ya nyumba haipandi kwa barua ya benki. Pengo la mpwa wangu lingekuwa zaidi ya 92,000, na mshahara anaopeleka nyumbani ni 160,000. Mmoja wetu alikuwa na mapengo ya namna hiyo kwenye fleti mbili. Alianza kukopa chama cha akiba ili kulipa benki. Ukifika hapo, yaani unakopa ili ulipe mkopo, jua jiwe limeshaanza kukurudia.

Wapo watakaosema wao hawagusi riba, wanakwenda benki za Kiislamu. Kwa jambo hili kuna tofauti ya kweli: katika mauzo ya murabaha bei na faida ya benki hupatanwa mwanzo na hazipandi njiani, kwa hiyo balaa la 2011 halikufiki kwa njia ile. Pengo la kila mwezi, hata hivyo, liko palepale, na dhamana bado inaweza kuuzwa.

Je, kuna mkopo mzuri? Upo. Nilipokuwa Kawangware jirani yangu alikuwa mama fundi cherehani, mwenyeji wa Lamu, akishona sare za shule. Beji za shule alikuwa akizipeleka kudariziwa mjini, 60 kila moja, kama beji 900 kwa mwezi. Hiyo ni 54,000 iliyokuwa ikitoka. Akapata mashine ya kudarizi ya mtumba kwa 300,000. Alikuwa na 100,000, akakopa 200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 18. Malipo yalikuwa 18,300 kwa mwezi. Uzi, umeme na kijana wa mashine vilimla kama 22,000. Kwa hiyo mashine ilikuwa ikimwokolea 32,000 kila mwezi, inalipa deni lake, na inabakisha zaidi ya 13,000.

Riba yake ilikuwa kubwa kuliko ya mpwa wangu, na bado ulikuwa mkopo mzuri. Kazi ilikuwepo kabla ya mashine. Hakukopa akaanza kutafuta wateja. Mashine iliingiza zaidi ya deni tangu mwezi wa kwanza. Deni likaisha kwa mwaka mmoja, na mashine ilikuwa bado na miaka ya kufanya kazi. Hatari ilikuwepo: beji zikipungua nusu, mashine isingejilipa, angeongezea kama 10,000 kwa mwezi. Hizo aliweza kuzitoa kwenye sare bila kuuza cherehani.

Usidhani hili ni la wadogo tu. Wakubwa nao huzama. Nakumatt tunaikumbuka sote, ilikuwa hata hapa Mombasa. Nairobi ilikuwa na duka mjini pale Lifestyle, na upande wa magharibi Westgate, Ukay na Junction. Ilifungua matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Duka jipya huchukua miaka kurudisha gharama zake, lakini fedha nyingi zilizoliendesha zilikuwa za kurudishwa haraka: za mabenki, za karatasi za mkopo wa muda mfupi, na za wasambazaji waliotoa bidhaa kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Shambulio la Westgate Septemba 2013 likachukua moja ya maduka yake makubwa. Malipo yalipochelewa, wasambazaji wakaacha kuleta bidhaa. Rafu zikabaki tupu, wateja wakahama, na fedha za kulipa zikapungua zaidi. Mwaka 2017 matawi yakawa yanafungwa. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi, madeni yakiwa zaidi ya bilioni 30. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas kwa milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Wateja walikuwepo miaka yote ile. Deni lilidai kabla duka halijazaa.

Sasa nirudi kwenye hati ya Likoni. Ukishindwa kulipa mwezi mmoja, sheria ya ardhi ya 2012 inairuhusu benki kukupa notisi ya miezi mitatu. Ikipita, notisi ya kuuza ya siku 40. Halafu dalali anakuja na yake ya siku 45, kisha tangazo gazetini. Kuna muda hapo, na aliyebanwa afanye jambo moja katika muda huo: auze mwenyewe, kwa bei yake, kabla ya mnada. Sheria inatia shaka mauzo yaliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi. Maana yake kupoteza asilimia 20 mnadani si ajabu. Fleti ya milioni 10 ikiuzwa milioni 8, gharama za dalali na riba iliyorundikana hazijalipwa. Hapo ndipo hati ya ziada inapofanya kazi. Kiwanja wanachokaa dada yangu na watoto wake kingeuzwa ili kufunga deni la nyumba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala.

Nilimpigia siku ya tatu. Sikumwambia asinunue. Kila milioni moja ya deni kwa riba hiyo hudai karibu 12,400 kwa mwezi, na fleti inatoa 43,300. Kwa hiyo yenyewe inaweza kubeba deni la milioni tatu na nusu, si nane. Nikamwambia, "Ukija na milioni sita na nusu zako, hati hutaihitaji."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, na wakiniongezea kodi iwe 80,000?"

Nikamuuliza nani amemwambia itakuwa 80,000. Akasema wakala. Hati iko kwangu, kabatini.