Kihusishi Mwishoni mwa Sentensi: Sahihisho Lisilohitajika

Katika insha ya mwanafunzi mmoja aliyelelewa Muthurwa, katika zile nyumba za wafanyakazi wa reli kando ya Barabara ya Landhies, niliikuta sentensi hii: "Yule ndiye fundi niliyekuja naye." Mwalimu aliyeisoma kabla yangu alikuwa ameipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni kwamba sentensi haimalizwi kwa kihusishi, kisha akaibadilisha iwe: "Yule ndiye fundi pamoja na ambaye nilikuja." Sentensi iliyokuwa sahihi iliharibiwa, na aliyeiharibu alifanya hivyo kwa nia njema. Yafaa basi tuiulize kanuni hiyo imetoka wapi.

Imetoka Uingereza, na hata huko haikuwa ya asili. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufa, kwa kuacha vihusishi mwishoni mwa sentensi. Dryden mwenyewe alikuwa na kosa hilo, ikiwa ni kosa, hata alipoitoa upya insha yake juu ya tamthilia mwaka 1684 alipita akizisahihisha sentensi zake. Kielelezo cha wasomi wa zama hizo kilikuwa Kilatini, ambamo kihusishi kwa kawaida hutangulia jina lake. Askofu Robert Lowth, ambaye hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeiweka kanuni, alisema tu mwaka 1762 kwamba mtindo huo wafaa zaidi mazungumzo kuliko maandishi mazito. Na sentensi aliyoutajia mtindo huo aliimaliza kwa kihusishi!

Kiswahili hakina sababu ya kuirithi aibu hiyo. Katika "fundi niliyekuja naye", *na* haikuachwa peke yake. Imebeba *-ye*, nayo *-ye* yamrejelea fundi. Ndivyo ilivyo katika "kisu nilichokuja nacho" na "mizigo niliyokuja nayo". Kosa la kweli lingekuwa "kisu nilichokuja na", kwa kuwa *na* imenyimwa kirejeshi chake, au "kisu nilichokuja naye", kwa kuwa upatanisho umevunjika. Anayesahihisha na aitazame *na* hiyo: je, ina kirejeshi, na je, chapatana na jina? Mahali ilipo katika sentensi si hoja. Tena hata *na* tupu humaliza usemi pasipo lawama pale inapoonyesha umiliki. Aulizwaye "Una nauli?" hujibu "Sina", na hakuna amwambiaye aongeze neno.

Huko Muthurwa kwenyewe, sokoni na kwenye kituo cha matatu, utasikia pia: "Yule fundi nilikuja na yeye." Hapa mwalimu ana la kusema, maana kirejeshi *-ye-* kimetoweka katika kitenzi. Iwapo mwanafunzi anaandika Kiswahili sanifu, aelezwe kwamba "nilikuja" iwe "niliyekuja", na kwamba *na yeye* hapo hufupishwa kuwa *naye*. Hayo ni masahihisho mawili yenye msingi, na baada ya kuyafanya, *naye* ingali mwishoni.

Kanuni ya pili ya Kiingereza, ile ya kutotenganisha kitenzi-jina na kiambatisho chake, ni changa zaidi. Ilianza kusikika katika karne ya 19, na Henry Alford akaishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1864. Kwetu kitenzi-jina ni neno moja, lakini ni neno linalokubali kupasuliwa: *kujibu*, *kutojibu*, *kutonijibu*. Kikanushi *-to-* chafikiriwa kutokana na kitenzi *toa*: *kutoa kujibu* ikawa *kutokujibu*, kisha *kutojibu*. Kwa hiyo wale wanaofuta *ku* ya pili katika "kutokujibu" kwa madai kwamba imerudiwa bure wanafuta mabaki ya historia. Sura zote mbili zimo katika maandishi mazuri, ingawa binafsi naipenda ile fupi. Ila kwa vitenzi vya silabi moja *ku* haiondolewi: husemwa *kutokula* na *kutokuja*, wala si *kutola* na *kutoja*. Hapo kalamu nyekundu ina kazi.

Ile insha niliirudisha kwa mwenyewe, mstari wa mwalimu nikiwa nimeufuta. Chini yake nilisahihisha jambo moja ambalo halikuonekana hapo kwanza: aya ya tatu alikuwa ameandika "vyombo tulivyokuja nayo", nami nikaweka *navyo*.