Rubongi: Namna ya kugawana saa moja wawili wanapofundishana lugha

Katika vitongoji vya Rubongi, wilayani Tororo, Dhopadhola ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi, na Kiswahili hutawala biashara inayovuka mpaka kwenda Busia na Malaba. Hali hiyo hurahisisha watu wawili kufundishana, lakini pia huficha kikwazo: mazungumzo yakiachwa bila mpango, lugha ya sokoni huimeza nyingine.

Tuseme kijana wa Rubongi anayeuza mahindi anakutana na mfanyabiashara mwanamke kutoka Busia ya Kenya. Wana saa moja. Dakika tano za mwanzo kila mmoja hutaja jambo moja analotaka kuweza kulisema. Dakika ishirini na tano zinazofuata ni za Kiswahili pekee, na nyingine ishirini na tano ni za Dhopadhola pekee. Dakika tano za mwisho ni za marudio. Simu ihesabu muda, na wiki inayofuata Dhopadhola itangulie, kwa kuwa zamu ya pili huwakuta wote wamechoka.

Makosa yasahihishwe lini?

Kijana anasema: "Mahindi hii ni gunia mbili." Mwenzake hamkatizi. Anaandika sentensi hiyo, na zamu inapokwisha anamwonyesha: "Mahindi haya ni magunia mawili." Makosa matatu kwa zamu yanatosha, yakichaguliwa yale yaliyojirudia. Kijana huyatunga upya katika sentensi zake mwenyewe, kwa kuwa kukariri sahihisho hakuonyeshi kama amelielewa. Dhopadhola haina ngeli kama za Kiswahili, hivyo kosa hilo litarudi. Wiki inayofuata lianzwe nalo.

Upande wa mwanamke, kikwazo ni sauti. Dhopadhola ni ya jamii ya lugha za Kiluo, na kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno, jambo ambalo Kiswahili hakina. Kusikiliza tu hakutoshi. Vitu vitano viwekwe mezani, yeye avitaje kimoja kimoja bila kuvitazama wala kuvionyesha, na kijana aguse alichokisikia. Akigusa kisicho, matamshi hayajafika, hata kama mwenzake angemwelewa katika mazungumzo ya kawaida.

Dalili za kwenda kombo

Ikiwa katika zamu ya Dhopadhola mwanamke amezungumza chini ya nusu ya muda, kijana amegeuka mhadhiri. Ikiwa bei zinatajwa kwa Kiswahili katika zamu hiyo, mpaka umevunjika, na dakika zilizopotea zifidiwe.

Kuna kikomo pia. Mzungumzaji wa lugha hujua lililo sahihi, lakini mara nyingi hawezi kueleza sababu yake. Badala ya kumuuliza "kwa nini?", aombwe mifano mitatu zaidi, na mwanafunzi atafute mwenyewe kinachofanana.