Upandanishaji: Kulaza Lebo Juu ya Lebo

Wachunguzi wa dawa bandia wana kazi moja waiitayo ovalei, nayo ni kuitwaa picha ya lebo inayotiliwa shaka, kuififisha hata kilicho chini yake kionekane, kisha kuilaza juu ya picha ya lebo ya asili, ili herufi, mistari na nembo zikutane au zikosane mbele ya macho. Kwa Kiswahili napendelea kuiita upandanishaji, kwa kuwa vitu vilivyopandana havifutani, bali kila kimoja hubaki na umbo lake. Ilhali ufunikaji, neno ambalo lingekuja upesi zaidi ulimini, lina maana ya kukificha kile kile tulichokusudia kukitazama.

Natuchukue kasha la dawa mseto ya malaria, mojawapo ya yale yaliyochapwa nembo ya jani la kijani katika mpango wa ruzuku ulioanza kutekelezwa mwaka 2010, ambao Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar zilikuwamo. Jani hilo lilichapwa na viwanda mbalimbali, kila kimoja katika kasha la sanaa yake. Basi lebo ya asili yafaa iwe ya kiwanda kile kile, ya dawa yenye nguvu ile ile na idadi ile ile ya vidonge, tena ya chapa ya wakati mmoja, maana kiwanda hubadili sanaa ya kasha bila ya kubadili dawa. Makasha yote mawili hulazwa bapa na kupigwa picha kwa kamera iliyosimama wima juu yake, kwa umbali mmoja.

Hapo ndipo huja hatua inayowaponza wengi. Picha ya juu husogezwa, huzungushwa na kupunguzwa au kukuzwa mpaka nukta mbili zilizo mbali, tuseme pembe mbili za fremu iliyochapwa, zikae barabara juu ya wenzi wake; na ikiwa kamera iliinama, nukta nne hutumika kuuondoa upogo. Lakini nukta hizo zisichaguliwe katika kitu kinachoshukiwa, wala picha isivutwe upande mmoja ili ikubali, kwani programu ya picha ni mtumishi mtiifu mno, nayo itamnyoosha mwongo hata afanane na mkweli.

Tuseme sasa kwamba neno ARTEMETHER katika lebo ya asili lina upana wa milimita 30, na kila milimita ni pikseli 30. Lebo ya asili tumeitia rangi nyekundu na ya shaka rangi ya samawati, na badala ya kuififisha ya juu tumezizidisha rangi zake kwa za chini, ili kinachopandana sawasawa kiwe cheusi na kinachokosana kiache ukingo wa rangi. Herufi A ni nyeusi kabisa. R ina ukingo wa pikseli moja. T ina wa mbili. Na R ya mwisho, baada ya nafasi tisa, imehama pikseli tisa, yaani milimita 0.3, kiasi ambacho jicho tupu lisingekitambua. Je, picha ya juu ilikuzwa kupita kiasi? La, kwani lau ingekuwa hivyo herufi zenyewe zingenenepa, na mstari wa chini yake nao ungehama kwa kadiri ile ile. Lakini hapa kila herufi ina upana wa asili, nafasi pekee ndizo zilizoongezeka, na mstari wa chini umetulia. Dhahiri neno hili lilipangwa upya. Hali kadhalika jani: likihama zima bila ya kubadilika umbo, huenda ni bamba la rangi ya kijani lililoteleza kidogo mtamboni, jambo ambalo hata kiwanda halali hukumbwa nalo, lakini mshipa wake ukikata ukingo mahali pengine, umbo limechorwa upya.

Kwa sababu hiyo, mchunguzi mwadilifu hulinganisha kijani kwa kijani na cheusi kwa cheusi, wala hahesabu mhamo wa namba ya toleo au tarehe ya mwisho wa matumizi, ambazo aghalabu hupigwa baadaye, wakati wa kufungasha. Lebo iliyozunguka chupa humlazimu aibandue na kuinyoosha, au atosheke na ukanda mwembamba wa katikati, kwa kuwa ubavuni herufi hubanana kwa umbo la chupa.

Nami nasisitiza kwamba upandanishaji huhukumu uchapaji, si dawa. Kasha halali lililojazwa upya vidonge vingine litapandana bila ya ukingo wowote, na hitilafu ndogo yaweza kuwa ya chapa mpya ya kiwanda. Basi picha iliyokosana hutumwa kwa mtengenezaji pamoja na namba ya toleo, navyo vidonge hupelekwa maabara, vikapimwe kama vina artemetha na lumefantrini kwa kipimo kilichoandikwa.