Jaribio la Ngazi

Jaribio la ngazi ni namna ya utafiti wa afya ambayo ndani yake makundi ya watu, yawe kata, zahanati au hospitali, huanza yote bila ya afua inayochunguzwa, kisha huhamia kwenye afua hiyo kundi baada ya kundi, kwa zamu iliyotolewa kwa kura, hata mwishowe yote yakawa yameipata. Aghalabu hutumiwa pale ambapo huduma imekwisha azimiwa kuenezwa kila mahali, ilhali wakufunzi na vifaa havitoshi kuanza kote kwa siku moja.

Asili

Jaribio mashuhuri la kwanza lilianza Gambia mwaka 1986, chanjo ya homa ya ini aina ya B ilipoenezwa kwa watoto wachanga eneo baada ya eneo kwa muda wa miaka minne.

Jaribio la Tanzania

Kati ya mwaka 2021 na 2023 vituo 30 vya afya katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliingizwa kwa zamu katika mpango wa uzazi salama, ambao uliwapa wakunga vipima mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, vifaa vya kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, na mazoezi ya mara kwa mara juu ya sanamu za kujifunzia, papo hapo kazini. Kilichohesabiwa ni watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu pamoja na waliofariki katika saa 24 za kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalikadiria kwamba vifo hivyo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000, ingawa mikoa haikufanana, mingine ikipata nafuu kubwa na mingine isionyeshe badiliko la kutajika.

Hatari za hesabu

Hatari ya kwanza ni wakati wenyewe. Kwa kuwa miezi isiyo na afua imejaa mwanzoni mwa jaribio na miezi yenye afua imejaa mwishoni, jambo lolote jingine linalobadilika kwa miaka, kama vile barabara, ajira za wakunga au maradhi ya kuambukiza, huweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya afua. Kwa hiyo mwenye kulinganisha tu vifo vya kabla na vya baada hajapima kitu, na hapana budi kila kipindi kipewe nafasi yake katika hesabu, ili vituo vilivyoanza vilinganishwe na visivyoanza katika miezi ile ile.

Hatari ya pili imejificha zaidi, na ndiyo inayostahiki hadhari kubwa. Hesabu iliyozoeleka hudhani kwamba afua hutoa taathira yake kamili siku ya kwanza, kisha hubaki vile vile. Lakini mkono wa mkunga hauwi mwepesi kwa zoezi moja. Tuchukue kata mbili za Wilaya ya Kibaha, Gwata na Mlandizi, kwa tarakimu za kubuni. Katika kipindi cha kwanza kila kata ina vifo 30 kwa uzazi 1,000. Katika cha pili Gwata inaanza afua na kushuka hadi 29, na Mlandizi inabaki 30. Katika cha tatu mazoezi yameiva Gwata, nayo inafikia 26, ilhali Mlandizi, ambayo ndiyo kwanza inaanza, inashuka hadi 29.

Hapana asiyeona kwamba afua imeokoa watoto katika kata zote mbili. Lakini hesabu ile hulinganisha mabadiliko: katika hatua ya kwanza Gwata ilishuka kwa kifo kimoja na Mlandizi haikushuka, basi afua imepunguza kifo kimoja; katika hatua ya pili Mlandizi iliyoanza ilishuka kwa kimoja, na Gwata, ambayo kwa dhana ya hesabu hiyo haikubadilika lolote, ilishuka kwa vitatu, basi afua imeongeza vifo viwili. Wastani wa hatua hizo ni ongezeko la nusu kifo. Afua iliyo njema imehukumiwa kuwa ni madhara, kwa sababu Gwata iliyokwisha kutibiwa ilitumika kama kipimo cha Mlandizi, na maendeleo yake yakadhaniwa kuwa ni mwendo wa zama.

Dalili ya kosa hili huonekana taathira ikichorwa kwa kufuata muda uliopita tangu kila kituo kianze: mstari ukipanda au kushuka badala ya kulala, dhana ya taathira isiyobadilika haifai. Dawa yake ni kukadiria taathira ya kila muda peke yake, kisha kutoa wastani wake, kama walivyoeleza Kenny na wenzake mwaka 2022. Gharama yake ni makadirio yenye mapana zaidi ya shaka, na ni gharama ya haki.

Makundi yakiwa machache, shaka hiyo hupunjwa pasipo marekebisho maalumu.

Hali ya sasa

Mwongozo wa kuripoti majaribio haya ulitolewa mwaka 2018 chini ya utaratibu wa CONSORT, nao unataka mtafiti aonyeshe jinsi alivyohesabu mwendo wa wakati.