Kifafa cha mimba

Kidete, kama kwingine Tanzania, wengi huita presha ya ujauzito inayoumiza figo kifafa cha mimba. Jina humfanya mtu asubiri degedege, ilhali mara nyingi figo hutangulia kutoa taarifa. Figo za mjamzito huchuja damu kwa karibu nusu zaidi, hivyo protini kidogo kwenye mkojo, chini ya miligramu 300 kwa siku, si ugonjwa. Kifafa kinaponyemelea, presha hufika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, vichujio vilivyoumia huvujisha protini, na kijiti cha kupimia hugeuka kutoka njano kuwa kijani. Lakini aliyetembea juani bila kunywa maji hutoa mkojo mzito, na alama moja inaweza kudanganya, apimwe tena. Naye mwenye presha hiyo na kichwa kinachogonga asirudishwe nyumbani eti kijiti kimebaki njano.