Salamu za Sikukuu kwa Ndugu wa Mashariki ya Mlima

Mwanzoni mwa karne ya nane, kijana aliyekuwa ugenini katika mji wa Chang'an, makao makuu ya ufalme wa Tang nchini China, aliwatungia ndugu zake shairi la sikukuu. Ni shairi fupi mno: mistari minne, kila mstari silabi saba, jumla silabi 28. Kijana huyo ni Wang Wei, ambaye baadaye angehesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa kabisa wa China. Pembeni mwa shairi, katika diwani yake, imeandikwa kwamba alilitunga akiwa na umri wa miaka 17. Kwa kuwa Wachina wa zamani walimhesabia mtoto mwaka mmoja tangu siku aliyozaliwa, kwa hesabu yetu alikuwa na miaka 15 au 16.

Watoto wa Kichina wanalikariri shairi hilo shuleni hadi leo. Mstari wake wa pili, unaoeleza jinsi sikukuu inavyozidisha hamu ya jamaa, umegeuka msemo wa kila mtu, na mwanafunzi wa Kichina aliyeko masomoni nchi za nje huuandika kwenye salamu zake za mwaka mpya bila hata kumtaja aliyeutunga.

Nyumbani kwa Wang Wei kulikuwa Puzhou, kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Manjano, pale mto unapokata kona kuelekea mashariki. Kutoka hapo hadi Chang'an, ambayo leo ni Xi'an, ni mwendo wa kilomita 150 hivi. Sisi tungeiita safari ya nusu siku kwa basi. Wakati ule ilikuwa safari ya siku kadhaa, na mto wa kuvuka, na aliyefika alikuta mji unaokadiriwa kuwa na watu milioni moja, uliogawanywa katika mitaa zaidi ya mia moja yenye kuta zake. Ngoma ikilia jioni, milango ya mitaa hufungwa, na hakuna ruhusa ya kutembea barabarani hadi alfajiri. Jina la shairi linasema linakwenda kwa ndugu walio mashariki ya mlima, na mlima wenyewe ni Hua, uliosimama kati ya Chang'an na upande wa kwao. Asije msomaji akadhani ni mkoa wa Shandong wa leo, ulio mbali sana huko pwani.

Kilichompeleka mjini ni mtihani. Serikali ya Tang iliajiri sehemu ya maofisa wake kwa mitihani, na ule uliokuwa mgumu na wenye heshima kuliko yote uliitwa jinshi. Waombaji walikuwa mamia kwa mamia kila mwaka, na waliofaulu mara nyingi hawakuzidi 30. Tena karatasi za mtihani hazikufunikwa majina, kwa hiyo sifa za mtu zilimtangulia kwa msahihishaji. Kijana kutoka mikoani ilimbidi akae mjini miaka, apeleke mashairi yake kwa wakubwa, ajulikane katika baraza zao, ndipo aombe nafasi. Wang Wei alikuwa na kipaji cha mashairi, uchoraji na muziki, akapokelewa katika majumba ya watoto wa kifalme. Hata hivyo, kwa hesabu inayokubalika zaidi, alifaulu mwaka 721, miaka kadhaa baada ya kuandika zile salamu. Miaka ya kungoja ndiyo iliyozaa shairi.

Sikukuu yenyewe ni ya tarehe tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya mwezi, wakati ambao huangukia kama Oktoba. Wachina waliihesabu tisa kuwa tarakimu kubwa kuliko zote za upande wa jua na nguvu, yaani yang, na siku hiyo zinakutana tisa mbili, ndiyo maana inaitwa Chongyang. Hadithi ya asili yake imo katika kitabu cha karne ya sita. Mtu mmoja, Huan Jing, aliambiwa na mwalimu wake kwamba siku hiyo balaa litashuka nyumbani kwake. Akaambiwa awashonee watu wake vifuko vyekundu, wavijaze mmea wa zhuyu, wavifunge mikononi, wapande mlimani na kunywa pombe ya maua ya krisanthemum. Walifanya hivyo. Waliporudi jioni walikuta kuku, mbwa, ng'ombe na kondoo wote wamekufa badala yao.

Tangu hapo, kwa mujibu wa hadithi, ikawa desturi. Kila mwaka jamaa hupanda mahali palipoinuka, na kila mmoja hujipachika kijitawi cha zhuyu, mmea wenye vitunda vyekundu na harufu kali, unaotumika pia kama dawa na kufukuza wadudu. Maana ya kijitawi kile ni ulinzi. Asiyekuwapo mlimani ameikosa sherehe, na kwa imani ya wakati ule amekosa na kinga.

Hapo ndipo penye ufundi wa shairi. Mistari miwili ya kwanza inamhusu mtunzi mwenyewe: yuko peke yake, ni mgeni katika nchi ya watu, na neno la ugeni amelirudia mara mbili ndani ya mstari mmoja. Kijana mwingine angeendelea hivyo mpaka mwisho, akalalamika juu ya chumba, chakula na upweke. Wang Wei anageuka. Mstari wa tatu na wa nne unahamia nyumbani. Kutoka mbali anawaona ndugu zake wanapanda kilima, kila mmoja anapachikwa kijitawi chake, na katika kuvigawa inagundulika kwamba mtu mmoja hayupo.

Tazama alichokifanya. Hakusema moja kwa moja kwamba amewakumbuka ndugu zake, ila amewaonyesha wakati ambao wao watamkumbuka yeye. Mkono unaogawa zhuyu unafika mahali pake na kukuta pako wazi. Wang Wei alikuwa ndiye kaka mkubwa, na pengo la kaka mkubwa kwenye shughuli ya nyumbani halifichiki. Ndiye angetangulia njiani, ndiye wadogo wangemtazama. Nafikiri hii ndiyo sababu shairi halijachakaa. Aliyeko mbali huijua huzuni yake mwenyewe vya kutosha, lakini kinachomuumiza hasa ni kuwaza kama kule nyumbani, sahani zikipangwa, kuna mtu amehesabu akaona imepungua moja.

Barua zetu za zamani zilikuwa na njia nyingine. Mwanafunzi aliyeandika kutoka bweni la mbali alianza na hali yake, akamshukuru Mungu, akataka kujua hali ya huko, kisha akapanga salamu kwa daraja: baba na mama kwanza, babu na bibi, shangazi, wajomba, majirani, mpaka karatasi ijae. Kumsahau mmoja ilikuwa kosa la kusutwa nalo. Wang Wei hamtaji mtu hata mmoja kwa jina. Nafasi ya silabi 28 haikumruhusu, na kanuni za utungo zilimbana zaidi: vina vinakutana mwisho wa mstari wa pili na wa nne, na sauti za juu na chini za lugha hupangwa kwa mpishano. Akachagua tendo moja la sikukuu, likabeba jamaa yote.

Mbinu hiyo ya kupatazama nyumbani kutoka mbali aliitumia pia mshairi Du Fu mwaka 756, alipokuwa ameshikwa na waasi walioiteka Chang'an; alitunga shairi la usiku wa mbalamwezi akimwona mkewe, aliyekuwa mbali kaskazini, anautazama mwezi peke yake.

Chang'an ile ya ujana wa Wang Wei ilikuwa pia na wanafunzi waliotoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 717 msafara wa Japani ulimleta kijana Abe no Nakamaro, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 20. Alisoma, akafaulu mtihani, akapata kazi serikalini, na akawa rafiki ya Wang Wei. Mwaka 753 aliruhusiwa hatimaye kurudi kwao, na Wang Wei akamtungia shairi la kumuaga. Dhoruba ikaisukuma meli yake hadi kusini, nchi ambayo leo ni Vietnam. Mshairi Li Bai, akidhani amezama, alimwandikia shairi la msiba. Nakamaro alirejea Chang'an akiwa hai, akafariki huko mwaka 770 bila kuiona tena Japani. Shairi lake la kuukumbuka mwezi wa kwao linafahamika Japani kama la Wang Wei linavyofahamika China.

Na wale ndugu wa mashariki ya mlima? Mdogo anayemfuata Wang Wei, Wang Jin, naye aliingia serikalini na kupanda vyeo. Mwaka 756 wale waasi, wafuasi wa jemadari An Lushan, waliiteka Chang'an. Mfalme alikimbia, Wang Wei akakamatwa, akapelekwa Luoyang na kulazimishwa kushika cheo katika utawala wa waasi. Serikali iliporudi, waliotumikia waasi walihukumiwa, wengine kwa kifo. Wang Wei alipona kwa mambo mawili. La kwanza ni shairi alilolitunga akiwa kizuizini, la kuomboleza anguko la mfalme, ambalo lilikuwa limekwisha kusikika. La pili ni Wang Jin, aliyejitokeza kuomba ashushwe cheo chake yeye ili kosa la kaka yake lifutwe.

Miaka michache baadaye zamu ikageuka. Wang Jin alikuwa ametumwa mkoa wa mbali wa Sichuan, na Wang Wei, sasa mzee na mgonjwa, aliiandikia serikali akiomba avuliwe vyeo vyake vyote ili mdogo wake arudishwe karibu. Ombi lilikubaliwa. Lakini Wang Wei alipofikia saa yake ya mwisho, mwaka 761, Wang Jin alikuwa bado yuko Fengxiang, magharibi ya mji mkuu. Historia rasmi ya Tang inasimulia kwamba mgonjwa aliomba kalamu, akaandika barua ya kumuaga Jin, akaandika nyingine kadhaa kwa marafiki, akaiweka kalamu chini na kukata roho.

Kisha mfalme mpya, Daizong, aliyekuwa mpenzi wa fasihi, alimuuliza Wang Jin mashairi ya kaka yake yamebaki mangapi. Wang Jin alijibu kwamba yalikuwa mengi mno, na baada ya vita halikubaki hata moja kati ya kila kumi. Akayatafuta kwa jamaa na marafiki, akakusanya zaidi ya 400, akayapeleka kwa mfalme. Diwani tunayoisoma leo inatokana na mkusanyo huo wa mdogo mtu, na salamu za tarehe tisa ya mwezi wa tisa zimo.